Kwa wateja wetu wa Moshi, Himo na Kahe: mahindi yanayoonekana makavu kumbe bado

Ndugu mteja,

Kila mwaka kuanzia Septemba yanakuja mashineni magunia ya namna moja. Juu ni safi kabisa. Ukizamisha mkono mpaka kiwiko unakuta joto, punje zimeshikana, na harufu kama ya togwa iliyolala. Mwenye gunia anasema, "Lakini niliyaanika." Na kweli aliyaanika. Ila hakuna aliyeyapima kabla ya kuyafunga.

Kuanzia Jumatatu, tarehe 13 Julai, tutapima unyevu wa mahindi yako na kuyakausha kwa mashine, hapahapa Majengo tunapokusagia.

Mahindi ya ukanda wa chini yanavunwa Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya baridi na mawingu huku kwetu. Siku nyingine jua linatoka saa sita na saa tisa limeshajificha. Punje inakauka ganda, inang'aa, inalia vizuri ukiimwaga, lakini ndani bado ina maji. Ukiifungia kwenye gunia, maji hayo yanatoka polepole hadi ganda nalo linalowa tena. Ndiyo maana mahindi "yanarudi ubichi" wiki chache baada ya kuwekwa stoo, hata kama paa halivuji.

Kung'ata kwa jino hakusaidii hapa, maana jino linapima ugumu tu. Chupa na chumvi ni afadhali: chupa kavu, mahindi kidogo, chumvi kavu, tikisa kisha uache itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Lakini isiposhika, usishangilie. Kiwango cha kuhifadhi salama ni asilimia 13.5 au chini, na mahindi ya asilimia 14.5 yanapita kwenye chupa bila kugunduliwa. Magunia mengi yanayoharibika yanapotelea kwenye nafasi hiyo ndogo.

Juu ya 13.5 kuvu wanapata nafasi ya kuota, na fukusi na dumuzi (yule Scania) wanaongezeka haraka. Dawa ya unga nayo inaisha nguvu mapema kwenye mahindi yenye unyevu, kwa hiyo unaweza kupulizia kipimo sahihi na bado ukaliwa. Baadhi ya kuvu wanatoa sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika ugali hata ukiusonga saa nzima. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukoboa kunaipunguza, hakuiondoi yote, na anayekula dona anaila nzima.

Kwa wanaouza, hasara ni ya aina nyingine. Mnunuzi anakuja na kipimo chake, wewe huna. Akisema "haya mabichi" na kukata bei, unabishana naye kwa lipi? Ukija kupima kwetu kwanza, unaondoka na karatasi yenye namba, tarehe na uzito.

Kazi inakwenda hivi. Tunachoma bambo kila gunia, juu, katikati na chini, tunachanganya sampuli na kupima mara tatu. Inachukua dakika chache na unaona namba mwenyewe kwenye kioo cha kipimo. Yakiwa 13.5 au chini, tunakwambia urudi nayo nyumbani. Hakuna sababu ya kulipia kukausha mahindi makavu. Yakizidi, yanaingia kwenye sanduku la kukaushia. Kila sanduku linabeba magunia 5, na mahindi yako hayachanganywi na ya mtu mwingine. Mwenye gunia moja au mawili aje na jirani waliyevuna pamoja, wakubaliane wenyewe kugawana kwa kilo.

Mahindi ya chakula tunayakausha kwa hewa isiyozidi nyuzi 60. Ya mbegu tuambie mapema, hayo hayatakiwi kuvuka 40, la sivyo kiini kinakufa na utapanda punje zisizoota. Kutoka asilimia 18 hadi 13.5 ni saa nne au tano. Kisha yanapozwa hadi yasiwe na joto mkononi, maana mahindi yakifungwa ya moto yanatoa jasho ndani ya gunia na kazi yote inarudi mwanzo. Ukiona tunakuchelewesha kufunga, sababu ni hiyo.

Jambo moja tunalisema mapema ili pasiwe na maneno baadaye: uzito utapungua. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zinatoka zikiwa kilo 94.8. Zikiingia na asilimia 22, zinatoka kilo 90 na kidogo. Kilichoondoka ni maji, wala si mahindi. Tunapima mbele yako kabla na baada, na hesabu inaandikwa kwenye karatasi yako. Ikipungua zaidi ya hapo, tuulize palepale.

Mashine haiwezi kuokoa kila kitu. Kukausha kunazuia kuvu wasiendelee, lakini sumu iliyokwisha kuingia inabaki. Gunia lililokwisha pata ukungu hatulikaushi, hata ukituongeza hela. Njia ni kuyaleta mapema: chagua na utupe mahindi yaliyooza yakiwa bado kwenye gunzi, pukuchua, pepeta, lete siku hiyo au kesho yake. Kama unasubiri zamu yako, yatandaze kwenye turubai kwa unene wa vidole vitatu na uyageuze mara kwa mara. Usiyamwage kwenye udongo mtupu, kuvu wenyewe wanakaa huko.

Baada ya hapo, ukitaka kukaa bila dawa, tuna mifuko ya kuzuia hewa yenye nailoni mbili ndani. Kila nailoni inafungwa peke yake: sokota shingo, ikunje, funga kwa kamba, ndipo ufunge mfuko wa nje. Wadudu waliobaki wanamaliza hewa na kufa. Pepeta vizuri kabla, kipande cha gunzi kinatoboa nailoni. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe. Mahindi mabichi usiyaweke humo kabisa. Yatachacha kuliko kwenye gunia la kawaida.

Kupima ni bure kwa kila anayesaga kwetu. Kukausha ni shilingi 3,500 kwa gunia lenye unyevu hadi asilimia 18, na 5,500 likizidi hapo. Mfuko wa kuzuia hewa ni 5,500. Bei inahesabiwa kwa gunia la kilo 100. Lumbesa tutaipima na kuigawa upya.

Zamu inashikwa kwa simu, namba ileile unayopiga kwa ajili ya kusaga. Taja idadi ya magunia na siku mliyopukuchua. Tunapokea Jumatatu hadi Jumamosi, saa moja asubuhi hadi saa tano. Ukija baada ya hapo tutakupimia, lakini mahindi yataingia kwenye sanduku kesho yake. Wa Himo na Kahe wanaokuja na gari moja, mtu mmoja atupigie kwa niaba ya wote, na kila gunia liandikwe jina la mwenyewe kwa kalamu isiyofutika kabla halijapakiwa.

Mashine ya Kusaga na Duka la Pembejeo, Majengo, Moshi