Pendekezo la Ukaguzi wa Kitabibu: Uzingatiaji wa Usafi wa Mikono Wadini

Kwa: Daktari Msimamizi na Kamati ya Kuzuia Maambukizi, Hospitali ya Kaunti Ndogo, Mombasa
Kutoka: Muuguzi mratibu wa kuzuia maambukizi
Tarehe: 12 Januari 2026

Waheshimiwa wanakamati,

Kila mwezi stoo hutuletea hesabu ya sabuni na sanitaiza iliyotoka. Ni hesabu ya haki, lakini haituambii mkono upi ulisafishwa, na kabla ya kumgusa nani. Mtungi unaweza kuisha wadini ilhali kitoto kichanga kimeshikwa kwa mkono uliotoka moja kwa moja kwa mwenzake. Naomba idhini ya kupima jambo lenyewe, kwa kutazama kazi inavyofanyika kando ya kitanda.

Tunachopima

Kipimo chetu ni nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani, zilizo katika mwongozo wake wa 2009: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu, kama kuweka dripu au katheta, baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Sanitaiza ipakwe sekunde 20 hadi 30. Kunawa kwa maji na sabuni, tangu mwanzo hadi kukausha, kuchukue sekunde 40 hadi 60. Mikono yenye uchafu unaoonekana haifai sanitaiza, lazima ioshwe kwa maji na sabuni.

```
Uzingatiaji (%) = mara mikono iliposafishwa ÷ fursa zote × 100
```

Fursa, yaani kila mara mikono inapopaswa kusafishwa, na wakati si kitu kimoja. Nesi akitoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili bila kugusa kitu njiani, nyakati mbili zimekutana, ila fursa ni moja. Tusipolielewa hili, tutahesabu makosa ambayo hayapo.

Glavu zitaandikwa peke yake. Aliyevaa glavu bila kusafisha mikono pale ilipohitajika amekosa fursa hiyo, hata glavu zikiwa mpya. Nalisisitiza hili kwa sababu glavu hutupa utulivu wa uongo, na nimewaona wenzangu wema kabisa wakipita nazo vitanda viwili.

Namna ya kukusanya

Wadi ya wazazi, chumba cha watoto wachanga, wadi ya watoto na wadi ya upasuaji: fursa 200 kila sehemu, jumla 800. Kwa idadi hiyo, matokeo ya kila sehemu yanaweza kukosea kwa takriban asilimia 7 juu au chini, na pengine zaidi kidogo kwa kuwa mtu mmoja atatazamwa mara kadhaa. Kila kikao ni dakika 20, na mtazamaji hafuati zaidi ya watu 3 kwa pamoja. Vikao vigawanywe zamu ya asubuhi, alasiri na usiku. Usiku usiachwe: ndipo manesi wanapokuwa wachache.

Watazamaji wawili watafunzwa, kisha watatazama pamoja na kulinganisha kadi zao mpaka zikubaliane. Watu hujirekebisha wakijua wanatazamwa, na dawa kamili ya hilo hatuna. Vikao vya siku mbili za kwanza katika kila sehemu havitahesabiwa, ili watu wazoee sura zetu.

Ombi langu kubwa liko hapa. Kabla ya kila kikao, mtazamaji ataandika: mfereji unatoa maji? Sabuni ipo? Sanitaiza inafikika kutoka kitandani? Cha kukaushia kipo? Mombasa hunywa maji ya mbali, ya Baricho, Mzima, Marere na Tiwi, na mifereji ikikauka tunarudi kwenye ndoo. Si haki kumhesabia nesi kosa la sinki. Fursa zilizokosa vifaa zitabaki katika hesabu kuu, kwani mgonjwa ameguswa vilevile, lakini zitaonyeshwa kando ili utawala uone fungu lake.

Kadi itaandika kada tu: daktari, afisa wa kliniki, nesi, mwanafunzi, mhudumu. Majina hayaandikwi, wala matokeo hayatumiwi kumwadhibu mtu. Hatutatazama uchunguzi wa faragha wala mgonjwa anayeokolewa maisha. Mtazamaji akiona hatari ya papo hapo, aweke kadi chini aseme.

Kiwango na ratiba

Napendekeza lengo la asilimia 80 kwa kila moja ya zile nyakati 5, siyo wastani peke yake. Kwa kawaida watu husafisha mikono zaidi baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Wastani mzuri unaweza kuficha pengo hilo, nalo ndilo linalomuumiza mgonjwa.

Mafunzo yawe wiki ya mwisho ya Januari, kutazama Februari na Machi, uchambuzi Aprili. Kila wadi isomewe matokeo yake kwanza, kabla ya kamati. Hospitali nzima isomewe tarehe 5 Mei, siku ya usafi wa mikono duniani. Tutapima tena Septemba, kwa kadi ileile na vitanda vilevile.

Fedha ni za kuchapa kadi tu. Ninachohitaji zaidi ni watazamaji hao wawili waondolewe kazi nyingine saa 2 kwa siku, na barua ya Daktari Msimamizi kwa wasimamizi wa wadi kabla ya tarehe 23 Januari.