TANGAZO: ZIARA YA BONGOYO JUMAMOSI HII IMEFUTWA

Kwa wazazi na walezi wa Darasa la Sita,

Ziara ya mafunzo ya kisiwa cha Bongoyo, iliyopangwa Jumamosi tarehe 19 Julai, haitafanyika. Tafadhali msiwalete watoto shuleni siku hiyo.

Jana jioni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilitoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wetu wa pwani hadi Jumapili. Huenda Jumamosi jua likawaka na wengine wakashangaa tumeogopa nini. Kusi huvuma hata mbingu zikiwa nyeupe. Asubuhi tungeweza kuvuka salama, kisha mchana upepo ukazidi wakati wa kurudi, nasi tuko kisiwani na watoto 46, wengi wao hawajui kuogelea. Maboya ya kuvaa yapo ya kutosha, lakini boya si sababu ya kumpeleka mtoto kwenye mawimbi. Nahodha tuliyemkodi naye ametushauri tusivuke.

Najua watoto wameisubiri safari hii tangu Mei, na tumewaeleza wenyewe darasani leo. Wapo waliolia. Tunaomba mzungumze nao nyumbani.

Badala yake tutakwenda Bagamoyo kwa basi, Jumamosi tarehe 2 Agosti. Tutaanzia magofu ya Kaole, kwenye msikiti na makaburi ya kale. Pale ufukweni watoto wataona jinsi mikoko ilivyoifunga bandari ya zamani, kwa hiyo somo la viumbe wa pwani tuliloliandaa kwa Bongoyo halitapotea. Baada ya chakula tutaingia mjini kuona Karavanserai na Misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Basi litaondoka shuleni saa 12:30 asubuhi na kurudi saa 11 jioni. Hakuna kupanda chombo wala kuogelea.

Kuhusu fedha: kila mtoto alilipiwa 35,000/=. Bagamoyo ni 20,000/=, hivyo anayekwenda atarudishiwa 15,000/=. Asiyekwenda atarudishiwa 35,000/= zote, bila makato. Mwenye boti ameturudishia malipo ya awali, na vyakula vilivyokwisha kununuliwa ni gharama ya shule, si yenu. Fedha zitatumwa kabla ya Ijumaa tarehe 25 Julai kwa namba ile ile uliyolipia, pamoja na ya kutolea. Uliyelipa taslimu, njoo na stakabadhi kwa mhasibu, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri.

Ruhusa mliyosaini ilikuwa ya Bongoyo tu. Fomu mpya mtoto ataileta kesho. Irudishwe Jumatano tarehe 23 Julai, ikisema anakwenda au haendi. Mwenye pumu au dawa za kila siku aandikwe tena, hata kama alishaandikwa kwenye fomu ya kwanza.

Mwalimu Mratibu wa Ziara, Darasa la Sita
Alhamisi, 17 Julai 2025