Kitendawili! Tega! Mafumbo 10 ya emoji kwa sherehe ya Jumamosi, karatasi ya mwongoza mchezo

Wageni 24, timu 4 za watu 6, saa 2 usiku, baada ya chakula. Kila fumbo lionyeshwe ukutani kwa projekta, emoji kubwa, mstari mmoja. Sema "Kitendawili!", wakijibu "Tega!" ndipo uwashe picha na saa. Timu hujibu kwa karatasi, si kwa kupaza sauti, la sivyo mezani pa mbele ndipo patakaposhinda. Muda ukiisha na hakuna aliyepata, wakupe mji kama kawaida, ila utegue mwishoni, matokeo yakishajulikana.

Raundi ya 1: pointi 1, sekunde 30

1. 🐘🥊🐘🌿🤕
Wapiganapo tembo nyasi huumia. Atakayeandika "fahali wawili" apewe pointi, methali ni ileile.

2. ☝️👍💍
Chanda chema huvikwa pete. Usiondoe 👍. Bila hiyo watu wataandika "uchumba", na hutakuwa na hoja ya kuwakatalia.

3. 🏠🚫🚪
Nyumba yangu haina mlango: yai. Jibu ni kitu, si methali kama mengine ya raundi hii, waambie mapema. Msishawishike kuongeza 🐔, fumbo litakuwa limejitegua.

4. 💧💧💧➡️🥣
Haba na haba hujaza kibaba. Ndoo 🪣 ingependeza zaidi, ila emoji hiyo ilitoka 2020, na simu au kompyuta ya zamani huonyesha kisanduku kitupu mahali pake. Bakuli ni la 2017, kwa hiyo ni salama zaidi. Matone yasizidi matatu. Yakiwa saba, watu huanza kuyahesabu wakidhani idadi ina maana.

Raundi ya 2: pointi 2, sekunde 60

Hapa kanuni inabadilika, itangaze: picha mbili, neno moja. Picha ya kwanza inatoa jina, ya pili inaonyesha ni kitu gani chenye jina hilo. Ndiyo raundi tamu kuliko zote, kwa sababu inategemea Kiswahili chenyewe. Mafumbo haya hayawezi kutafsirika.

5. 🐐🥥
Mbuzi ya kukunia nazi. Anzeni na hii, maana inafundisha kanuni. Jibu "mbuzi wa nazi", yaani nyama iliyopikwa kwa tui, halikubaliki: tumeuliza chombo.

6. 🦀🔥
Kaa la moto. Hatari ni ileile: wapenda samaki wataona kaa wa kuchoma. Kabla ya kuwasha picha sema, "Hakiliwi."

7. 🦅👔
Tai.

Mto wa kulalia na mto wa maji tuliuacha. Hakuna emoji ambayo kila mtu ataiona ni mto: 🌊 husomeka bahari, na 🏞️ wengi huona milima tu. Fumbo likimshinda mtu kwa sababu hakuitambua picha, huo si ugumu, ni kosa la mtungaji.

Raundi ya 3: pointi 3, sekunde 90

Turudi kwenye methali, safari hii si kila neno lina picha yake. Zifuate mpangilio wa sentensi ya Kiswahili, kushoto kwenda kulia. Ukizichanganya, hata anayeijua methali hataifikia.

8. 🐓🌾🔇🏙️
Jogoo la shamba haliwiki mjini. Kidokezo: "Picha ya tatu ni kitenzi."

9. 🙉👴➡️💥🦵
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mshale ndio unaotenganisha sababu na matokeo. Bila huo, wengi husoma "mzee kaumia mguu".

10. ⛵⬅️➡️🔁⬇️
Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni chini ndani, maji yanapokusanyikia. Asiyekulia karibu na majahazi atahitaji msaada. Kidokezo: "Haendi nje ya chombo hiki."

Kidokezo ni kimoja kwa fumbo, kwa la 8 na la 10 tu, na timu inayokiomba hupoteza pointi 1. Mnong'oneze mwakilishi wao, wengine wasisikie. Jumla ya juu kabisa ni pointi 19. Timu zikilingana, rudisheni fumbo la kwanza lililokoswa na timu zote, bila kidokezo. Karatasi sahihi ya kwanza kufika mezani ndiyo mshindi. Kwa hiyo usitegue fumbo lililokoswa na wote mpaka matokeo yamejulikana, hata wakikupa mji gani.

Ijumaa jioni wajaribuni watu wawili wasiohusika na utungaji, mmoja kijana, mmoja wa makamo. Wakishindwa wote wawili hata kwa muda ulio mara mbili ya uliowekwa, badilisheni picha, si muda. Jaribio lifanyike kwenye kompyuta ileile ya sherehe, kwa kuwa emoji moja huchorwa tofauti kwenye kila mtambo. Chapisheni nakala 4 za akiba kwa rangi, umeme ukikatika. Kwa wino mweusi 🔥 na 💧 hukaribia kufanana.