Simu ya kwanza kwa Mama Neema, kiwanja cha Visiga

Asha, hii ndo skripti ya kesho asubuhi. Tunachojua toka kwenye meseji yake: kiwanja kipo Visiga, Kibaha, 20 kwa 30, anataka milioni 12 na ana haraka. Piga baada ya saa 4, daftari mbele yako. Bei usiiguse mpaka ujue mwenye kiwanja ni nani na karatasi gani ipo, mengine yanaweza kusubiri.

"Shikamoo mama. Naitwa Asha, napiga toka kwa madalali wa viwanja hapa Maili Moja, ulitutumia meseji kuhusu kiwanja chako cha Visiga. Nimekukuta vizuri au nipige baadaye?"

Akisema endelea:

"Asante mama. Leo nakuuliza tu vitu vichache nikielewe kiwanja, halafu tupange siku tuje tukione. Kwanza, ulikipataje? Ulinunua, ulirithi au ulipewa?"

Hapa nyamaza. Mwache asimulie hata dakika 5, usimkatize, maana kwenye hiyo hadithi ndo utasikia nani mwingine ana sauti juu ya kile kiwanja. Akimaliza:

"Nimekuelewa mama. Na kwenye karatasi limeandikwa jina la nani?"

Likiwa jina lake, uliza kwa upole: "Baba yupo? Analijua hili la kuuza?" Mnunuzi yeyote makini atataka mwenza asaini ridhaa, bora tujue leo kuliko siku ya malipo.

Akisema jina ni la mume wake na ni marehemu, usirukie swali lingine, mwambie kwanza: "Pole sana mama, Mungu ampumzishe." Kisha: "Mirathi mlishafungua mahakamani? Msimamizi aliyeteuliwa ni nani?" Kama bado, usimkatishe tamaa: "Sawa mama, basi tuanze na hilo. Familia mnakaa kikao, mnapendekeza msimamizi, mnakwenda mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Mkishapata barua ya usimamizi nipigie tu, tutaanza hapo." Hapo hatutangazi kitu, hata akilia shida. Mjane akiuza peke yake halafu watoto wakaja juu, yeye ndo anaanza kuzunguka mahakamani na hela ya watu ameshaila.

Kama jina liko sawa endelea:

"Una hati, ofa, au mauziano ya serikali ya mtaa?"

Wengi Visiga wana mauziano, siyo dhambi, usimfanye ajisikie vibaya. Muulize kama kimepimwa, na kama kimepimwa akusomee namba ya kiwanja na kitalu polepole, iandike na umrudie kuhakikisha. Kama kuna hati muulize iko wapi, maana watu wanaiweka benki kwa mkopo na hawasemi mpaka uulize. "Kodi ya pango la ardhi umelipa mpaka mwaka gani?" Usimwombe akutumie picha ya hati kwenye wasapu, mwambie tutaiona tukija, na orijino abaki nayo mwenyewe.

Sasa kiwanja chenyewe:

"Bikoni zote 4 zinaonekana? Jirani amewahi kulalamikia mpaka? Toka lami ya Morogoro ni umbali gani, na masika gari ndogo inafika? Nguzo ya umeme iko karibu? Maji ya DAWASA yamefika?"

La masika usiliruke. Kuna viwanja ukiviona mwezi wa 9 ni vizuri mno, mwezi wa 4 ni bwawa, na mnunuzi akigundua mwenyewe hatatuamini tena.

Bei ataileta yeye. Mjibu hivi: "Milioni 12 nimeiandika mama. Siwezi kukuambia ndio au hapana kabla sijakiona na kulinganisha na vilivyouzwa jirani, nitakuwa nakudanganya. Ila una bei ya mwisho ambayo hutashuka chini ya hapo?"

Na hili mwambie hata asipouliza: "Udalali wetu ni asilimia 5 ya bei iliyouzwa, unalipa pesa ikishaingia kwako. Hatuweki cha juu, mnunuzi atatajiwa bei ileile tuliyokubaliana na wewe, na siku ya malipo mtakaa meza moja. Kuna na kodi ya TRA ya ongezeko la mtaji kwenye faida, tutakuelekeza mapema isije ikakushtua."

Akisema amewapa madalali wengine watano, usinune: "Sawa mama, naomba tu wote wataje bei moja." Bei tatu tofauti kwa kiwanja kimoja zinafukuza wateja.

Malizia:

"Jumamosi saa 3 asubuhi utakuwepo? Njoo na karatasi zako, na kama jirani mmoja anaweza kuwepo atuonyeshe mpaka itakuwa vizuri zaidi. Hatutoi tangazo kabla ya hapo. Asante sana mama, msalimie Neema."

Ukikata simu nitumie namba ya kiwanja nikaombe sechi ofisi ya ardhi kabla ya Jumamosi.