YAH: OMBI LA KUTENGEWA MASHINE NA UZI KWA MASWETA YA SHULE, MSIMU WA JANUARI 2027

Duka la Sare za Shule,
Karibu na Soko Kuu,
Moshi.

15 Juni 2026

Meneja Uzalishaji,
Kiwanda cha Masweta,
Njiro, Arusha.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika nikiwa katikati ya baridi ya Juni. Wazazi wa Kibosho na Marangu wanaingia dukani kila asubuhi kutafuta masweta. Barua hii hata hivyo inahusu Januari, na ninaileta mapema kwa sababu mwaka jana nilichelewa na wateja wangu wakaumia. Naomba mnitengee mashine nne za kufuma kwa siku 42 za kazi, pamoja na uzi wa kutosha masweta 4,200. Siombi mfume leo. Ninachohitaji ni nafasi yangu iwekwe kwenye ratiba yenu kabla wengine hawajaijaza.

Mwaka jana nilileta oda tarehe 2 Desemba. Mlinijibu kwa uungwana kwamba mashine zote zimeshachukuliwa hadi mafundi watakapokwenda likizo ya Krismasi, na sikuwa na la kuwalaumu. Nikapeleka kazi kwa mfumaji mwingine. Masweta 640 yalifika tarehe 11 Januari, na sehemu yake kubwa kifua kilikuwa cha bluu moja na mikono ya bluu nyingine, kwa kuwa uzi ulikuwa umetiwa rangi kwa mikupuo miwili. Ndani ya duka huoni tofauti. Mtoto akisimama paredi juani, kila mtu anaiona. Nilirudishia wazazi fedha zao, lakini kuna mama mmoja kutoka Old Moshi aliyepanda daladala mara tatu kwa ajili ya sweta moja la mtoto wa darasa la kwanza, na siwezi kumrudishia siku zake.

Idadi ya 4,200 sikuikisia. Kati ya Desemba na Januari iliyopita niliuza masweta 2,750. Wakati huohuo niliandika kwenye daftari oda 910 ambazo sikuweza kuzitimiza, kila moja na saizi na shule yake. Mwaka huu shule mbili za binafsi zimekubali wazazi wao wanunue kwangu, jumla masweta 540. Nimeambatisha nakala za kurasa hizo ili mjiridhishe wenyewe.

Mlishanieleza kwamba mashine moja ikifanya zamu mbili hutoa masweta 25 kwa siku. Mashine nne zitatoa 100, na kazi yote itahitaji siku 42. Naomba siku hizo zigawanywe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni masweta 3,000, kuanzia Jumatatu tarehe 5 Oktoba hadi Jumatatu tarehe 9 Novemba, siku sita kwa wiki. Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, nimeiruka, ndiyo maana hesabu inaishia Jumatatu. Rangi zake nina uhakika nazo: bluu iliyokolea 1,600, kijani cha chupa 850 na damu ya mzee 550, yote shingo ya V. Mgawanyo wa saizi nitauleta tarehe 14 Septemba, nikishaongea na walimu wakuu.

Fungu la pili, masweta 1,200, ndilo linalonifanya niombe nafasi badala ya kuleta oda ya kawaida. Mzazi wa mtoto anayeingia kidato cha kwanza shule ya serikali hajui mwanawe kapangiwa wapi mpaka orodha ya waliochaguliwa itangazwe. Ikishatoka, anasoma fomu ya kujiunga, anaona rangi ya sweta, anakuja dukani akiwa na haraka. Kwa fungu hili naomba mashine zilezile nne kuanzia Jumamosi tarehe 5 Desemba hadi Jumamosi tarehe 19, tukiacha tarehe 9 ambayo ni Siku ya Uhuru. Rangi na saizi nitawapa tarehe 2 Desemba. Orodha ikiwa haijatoka siku hiyo, fumeni yote kwa bluu iliyokolea, saizi 30 hadi 34, kwa sababu hiyo ndiyo inayovaliwa na shule nyingi ninazozihudumia. Mashine zisisimame zikinisubiri mimi.

Kuhusu uzi nina ombi moja ambalo sitaki lipite hivihivi. Kwa wastani wa gramu 300 kwa sweta, kazi hii itakula karibu kilo 1,260, na ukiongeza upotevu tuseme kilo 1,300. Naomba uzi wa kila rangi uagizwe mara moja na utiwe rangi kwa mkupuo mmoja, ukiwemo wa fungu la pili. Bluu ndiyo iagizwe ya ziada. Mlisema uzi huchukua hadi wiki kumi kuwafikia. Ukiagizwa mwanzoni mwa Julai utakuwa stoo kabla Septemba haijaisha, na bado mtapata muda wa kufuma sampuli, tuifue, tuone kama inachuja.

Najua kutenga mashine ni kukataa fedha ya mwingine. Kwa bei yenu ya sasa ya shilingi 14,000 kwa sweta, jumla ni shilingi 58,800,000. Niko tayari kuweka asilimia 30, yaani shilingi 17,640,000, ifikapo Ijumaa tarehe 3 Julai, mradi bei hiyo isibadilike hadi mzigo wa mwisho. Salio nitalipa kila Jumamosi kwa mzigo wa wiki hiyo, nikikatwa sehemu yake ya amana, kwa risiti ya mashine. Nikipunguza fungu la pili kabla ya tarehe 1 Novemba, naomba amana yake ihamie kwenye fungu la kwanza. Nikipunguza baada ya hapo, amana ya masweta niliyoyaacha ibaki kwenu. Kwa fungu zima ni shilingi 5,040,000, na naona ni haki. Kwa upande wenu, mkichelewa zaidi ya siku saba nje ya ratiba, naomba niruhusiwe kuuchukua uzi uliobaki kwa bei ya ununuzi na kuufumisha kwingine.

Usafiri ni juu yangu. Nitatuma Kenta Njiro kila Jumamosi jioni. Mzigo wa mwisho tafadhali usivuke tarehe 19 Desemba, maana kuanzia hapo barabara ya Arusha hadi Moshi hujaa magari ya wanaorudi nyumbani Krismasi, na wazazi hao hao ndio wateja wangu wakubwa.

Kuna jambo la mbeleni pia. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024, mtaala mpya ulipoanza, wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Maana yake Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Msimu huu ukienda vizuri, ningependa tukae Februari tupange wa 2028 kabla ya mtu mwingine yeyote.

Naomba jibu kwa maandishi ifikapo Jumanne tarehe 30 Juni. Kama mashine nne haziwezekani, niambieni ni ngapi na kwa siku zipi, nipange upya nikiwa bado nina muda. Alhamisi tarehe 25 nitakuwa Arusha, ninaweza kupita kiwandani saa nne asubuhi tukaiangalia ratiba pamoja.

Wenu katika biashara,

Mama Neema
Mwenye duka

Viambatisho: nakala za daftari la mauzo na oda ambazo hazikutimizwa, vipande vitatu vya sampuli za rangi.