Taratibu za grupu letu la mtaa, Tabata Kimanga (tafadhali soma hadi mwisho)

Majirani, habari za jioni. Grupu hili ni la mambo ambayo jirani akichelewa kuyajua ataumia: mtoto kapotea, nyaya zimeanguka barabarani, maji yametoka, msiba, zamu za ulinzi shirikishi, gari la taka limefika. Kukiwa na meseji mia mbili za asubuhi njema, watu wanazima sauti, na siku ya hatari hakuna anayesikia.

Biashara ni Jumamosi tu, tangazo moja kwa kila mtu, na bei iandikwe. "Njoo inboksi" haitoshi. Siasa na mabishano ya dini yana magrupu yake. Ukituma sauti inayozidi dakika moja, weka mstari mmoja wa kueleza inahusu nini. Wengine tuko kwenye daladala.

Kwenye misiba, pole zetu zimekuwa zikifunika saa ya mazishi. Weka alama ya mikono chini ya tangazo, na pole yako mpelekee mfiwa mwenyewe. Rambirambi zina mweka hazina wake, risiti za miamala zisiletwe hapa.

Sasa lililo zito. Picha ya mtu yenye neno "mwizi" haikai humu hata dakika moja. Mwezi uliopita kijana aliyeleta mtungi wa gesi alipigwa picha kwa sababu tu alisimama getini muda mrefu. Alikuwa anasubiri afunguliwe. Picha ilipofika hapa, watu walishaanza kukusanyika dukani, na wote tunajua hasira za namna hiyo huishia wapi. Ukiona jambo, andika mahali, saa na kilichotokea, kisha piga polisi 112. Moto ni 114. Grupu halizimi moto. Video mpeni mwenyekiti wa mtaa au polisi.

Habari za kusambazwa, hasa za utekaji wa watoto, lazima useme umeipata kwa nani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa hata anayesambaza uongo huku akijua ni uongo.

Maadmini tuko watatu, wa nyumba tofauti. Meseji iliyokiuka inafutwa, na aliyefuta anakueleza sababu inboksi, si mbele za watu. Ukirudia, unatolewa siku saba, halafu unatumiwa linki urudi. Picha ya kumwita mtu mwizi, matusi au picha za utupu havina onyo: unatolewa papo hapo, na kurudi kwako kutaamuliwa kwenye kikao cha wakazi. Ukiona umeonewa, waandikie wale admini wawili wengine. Aliyefuta hatoi uamuzi. Sisi pia tunafutwa. Meseji ya admini ya kuuza viti imeshaondolewa juzi, ilikuwa Jumanne.

Usiku wa dharura tutafunga grupu, waandike maadmini tu, mpaka hali itulie. Ukiwa na taarifa wakati huo, piga simu kwa admini yeyote.

Taratibu zinaanza leo saa mbili usiku.