Wiki Kumi na Mbili hadi Kilifi na Kurudi

Mpwa wangu, umeshajiandikisha na watu wameshaahidi kuchangia kwa kila kilomita, basi hakuna kurudi nyuma. Safari ya baiskeli ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, Malindi hadi Kilifi na kurudi, kama kilomita 120. Hashindani mtu. Kinachotakiwa ni wewe kuweza kukaa kwenye kiti saa saba au nane bila kuvunjika, na hilo linajengwa kidogo kidogo.

Jambo la kwanza ni upepo. Miezi hii ni ya kusi. Kwenda Kilifi unaupokea usoni, kurudi unakusukuma. Kwa hiyo mazoezi marefu yote yaanzie upande wa Gede, si Mambrui. Ukianza kwenda Mambrui, kusi itakuvisha kilemba cha ukoka: utadhani miguu ndiyo iliyokimbia, kumbe safari ngumu inakungoja ukigeuza, nawe umeshachoka.

Kabla ya wiki ya kwanza, mpelekee fundi baiskeli akaze breki, aangalie mnyororo na spoki. Kiti kipime mwenyewe: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma nyuma, kiko juu mno.

Wiki ya 1 hadi 3: Jumanne na Alhamisi, dakika 40 mjini, gia nyepesi. Jumapili kilomita 15, halafu 20, halafu 30, yaani Gede na kurudi. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa, punguza, hata kama mzee wa baiskeli ya mizigo anakupita. Atakupita tu.

Wiki ya 4: pumzika. Jumapili 20, siku moja tu katikati ya wiki.

Wiki ya 5 hadi 7: katikati ya wiki ongeza hadi saa moja. Siku ya Alhamisi, ukishapasha mwili moto, kanyaga kwa nguvu dakika tano, tulia dakika tano, mara tatu. Jumapili 40, kisha 45 (Watamu na kurudi, usikae sana ufukweni), kisha 60.

Hapa ndipo makalio yatakapolalamika. Nunua kaptula ya baiskeli yenye sponji, uivae bila nguo ya ndani, na upake mafuta ya mgando panapokwaruzwa. Ukiona aibu, vaa suruali pana juu yake. Usiahirishe hili, kidonda cha kiti kitakulaza wiki nzima.

Hapa pia ndipo unapojifunza kula barabarani. Usingoje njaa. Kila nusu saa, ndizi moja au tende nne tano. Maji nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwa kali, na chupa moja itiwe chumvi kidogo na sukari. Mahamri na mbaazi ni ya kabla ya safari, tena saa mbili kabla, si njiani.

Wiki ya 8: pumzika tena. Jumapili 40. Jioni moja jifunze kubadilisha tyubu nyumbani. Kabla ya kutia mpya, pitisha kidole polepole ndani ya tairi mzunguko mzima utafute mwiba. Ukiuacha, tyubu mpya haitafika hata Msabaha.

Wiki ya 9: Jumapili 75, utapita Matsangoni kabla ya kugeuza. Kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke usivae vipokea sauti vya muziki masikioni. Unahitaji kusikia lori linalokuja nyuma. Basi likikubana, shuka kando ya lami, usishindane nalo.

Wiki ya 10: Jumapili 90. Hii ndiyo ndefu kuliko zote. Ondoka mara tu baada ya kupambazuka, vaa na kula kama siku yenyewe. Ukimaliza 90, 120 utaziweza. Zile 30 za mwisho tutakusukuma na kusi.

Wiki ya 11: Jumapili 50, kwa raha. Usijaribu kufidia ulichokosa, hata kama uliumwa wiki nzima.

Wiki ya 12: Jumanne na Alhamisi, nusu saa tu. Ijumaa na Jumamosi miguu ilale. Jumamosi usiku kula wali wa kutosha, usijaribu chakula kigeni wala kiti kipya.

Siku yenyewe, kilomita 20 za mwanzo nenda polepole kuliko unavyotaka. Kilifi kaa dakika 20, kula, jaza chupa, usilale chini. Huenda kusi ikawa imeanza kulegea, basi usiitegemee yote kurudi. Mimi nitakuwa Gede na tyubu mbili, pampu na madafu.